Swali Moja ni Lipi? Kuhesabu maswali ya watazamaji kabla ya kurekodi majibu

*Maneno niliyosema mbele ya watengeneza video wa hapa Lubumbashi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.*

Jambo yenu wote, ba papa na ba mama, na ninyi wadogo zangu mliosimama kule nyuma karibu na mlango.

Nimeombwa niseme juu ya video ya maswali, ile ambayo mwenye chaneli anakaa mbele ya kamera na kujibu mambo anayoulizwa kila siku. Juu ya kamera na taa wenzangu watasema. Mimi nitabaki na kazi inayotangulia, ile ya mezani: kukusanya maswali yaliyomo kwenye maoni, kuyahesabu, na kuyapanga kuanzia linaloulizwa na watu wengi hadi linaloulizwa na wachache.

Wengi wetu tunayapanga kwa kichwa. Kichwa kinakumbuka swali la jana, swali la yule aliyetutukana, na swali ambalo sisi wenyewe tunapenda kulijibu. Swali lililoulizwa na watu ishirini kwa upole, mmoja mwezi huu na mwingine mwezi ujao, kichwa hakilioni. Kwa hiyo tunahesabu.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Tuseme kuna fundi wa umeme wa jua, anakaa Kampemba. Umeme wa SNEL mnajua unavyokatika, kwa hiyo hakosi wateja. Chaneli yake ina video tatu: ya kwanza anafunga paneli juu ya bati, ya pili anaeleza namna ya kuchagua betri, ya tatu anafungua inveta iliyoungua. Namba nitakazotaja nimezitunga kwa ajili ya ubao huu, ili tufuate hesabu pamoja. Za chaneli yenu mtazitafuta wenyewe.

Kwanza kukusanya. Chini ya video zile tatu kuna maoni 412, pamoja na yale yaliyojificha chini ya maoni mengine. Hayo yaliyojificha ndiyo watu huyasahau. Mtu anasoma maoni ya mwenzake, "Fundi, kazi nzuri sana", halafu anaandika hapo chini yake, "Ila hii betri ni ya asidi ama ya litiamu?" Usipofungua majibu, swali hilo hulioni. Pia ukitafuta neno kwa `Ctrl+F`, kivinjari kinatafuta ndani ya yale yaliyokwisha kufunguka tu. Kwa hiyo teremka mpaka chini kabisa kwanza. Na pitia sehemu ya maoni yaliyozuiwa yakisubiri wewe uyakubali, kwa sababu humo pia mna maswali ya watu wema.

Kama kati yenu kuna anayeandika programu, YouTube ina mlango wake wa kuchukulia maoni, `commentThreads.list`, unaotoa hadi mia moja kwa kila ukurasa. Jihadhari na kitu kimoja: chini ya kila oni unaleta sehemu tu ya majibu. Yote utayapata kwa kuita `comments.list` na kumpa `parentId`. Wasioandika programu wasihuzunike. Maoni 412 mtu anayanakili kwa mkono, na anapoyanakili anayasoma. Mimi nawashauri wote mfanye hivyo mara ya kwanza.

Nakili kwenye jedwali. Safu ya kwanza ni video, ya pili ni jina la mtu kama linavyoonekana, ya tatu ni maneno yake bila kuyarekebisha, ya nne utaiacha wazi kwa sasa. Ya tano pia iache wazi, na katika ya sita andika mwezi. YouTube inakuonyesha muda kwa kukadiria tu, "miezi mitatu iliyopita", na kadiri oni linavyozeeka ndivyo makadirio yanavyopanuka, mpaka unabaki na "mwaka mmoja uliopita". Mwezi tutauhitaji baadaye.

Sasa kutenganisha maswali na yasiyo maswali. Hapa alama ya kuuliza haitusaidii. Watu wetu hawaiandiki. Wanaandika "bei ngapi", "unapatikana wapi", "iyo inawasha friji", na wengine wanaandika `combien` peke yake, wakimaliza. Kuna maombi ambayo ni maswali: "Naomba namba yako" maana yake nikupate wapi. Kuna malalamiko ambayo ni maswali: "Mimi betri yangu inazima saa nne ya usiku." Huyo hakuuliza kitu, lakini anangoja aelezwe. Na kuna maswali ambayo si maswali: "Nani kama wewe, fundi?" ni sifa. "SNEL itatuonea huruma lini?" ni swali la kweli kabisa, ila fundi wetu si mtu wa kulijibu.

Ukitafuta kwa maneno, basi, unakosa mengi na unabeba takataka. Maneno yatumie kujikagua tu, baada ya kusoma kwa macho. Tafuta `bei`, `ngapi`, `wapi`, `prix`, tafuta `betri` na `batri`, uone kama kuna mstari uliokupita.

Fundi wetu alipomaliza alibaki na maoni 138 yenye swali. Lakini mtu mmoja anaweza kuuliza mawili kwa pumzi moja: "Hii yote ni bei gani na inaweza kuwasha pasi?" Hayo ni mistari miwili. Akigawa hivyo anapata mistari 151. Halafu kuna yule mwenye haraka aliyeuliza bei asubuhi, akaiuliza mchana, akaiuliza tena chini ya video nyingine. Huyo ni mtu mmoja. Tukimhesabu mara tatu tunampa kura tatu, na wenye kelele ndio watakaopanga video yetu. Baada ya kuondoa marudio ya namna hiyo inabaki 129.

Ila marudio hayaondolewi mpaka umejua swali lipi ni sawa na lipi. Hapo ndipo penye kazi yenyewe, na hapo nataka tukae.

Ukimpa mtu asiye na uzoefu mistari ile, atapanga kwa maneno yanayofanana. Atasema: fungu la kwanza ni bei, watu 46. La pili ni mahali na namba ya simu, watu 31. Televisheni, friji na pasi, kila moja fungu lake dogo, jumla watu 24. Betri kuisha usiku, 17. Mvua, 8. La mwisho fyuzi, 3. Atarekodi video, na ataanza na bei, kwa kuwa bei ndiyo kubwa.

Sasa mwulize: hilo jibu la bei utalisema namna gani? Atasita. Katika wale 46, 19 wanauliza bei ya mtambo mzima ukiwa umefungwa. 14 wanauliza fundi anatoza ngapi kwa mkono wake, kwa maana vifaa wameshanunua. 9 wanauliza bei ya paneli peke yake. 4 wameandika "bei" tu na huwezi kujua wanataka nini. Ukimjibu wa mkono kwa bei ya paneli, atauliza tena kesho. Kwa hiyo "bei" halikuwa swali moja. Yalikuwa maswali matatu yaliyovaa neno moja, na mabaki manne.

Njoo upande wa pili. Mmoja ameuliza "Inawasha televisheni?" Mwingine "Na friji je?" Mwingine "Naweza kupiga pasi?" Maneno yote tofauti, mwenye kupanga kwa maneno atatengeneza mafungu matatu madogo na yote yatazama chini ya orodha. Lakini jibu ni moja. Unachukua wati za kifaa, unazidisha kwa saa utakazokitumia, unajumlisha, unalinganisha na kilichomo ndani ya betri. Taa ya wati 9 kwa saa 5 inakula wati-saa 45. Televisheni ya wati 50 kwa saa 4 inakula 200. Jumla 245. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina 1,200, na ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Taa na televisheni zinaingia bila shida. Ongeza pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa, hiyo ni 500 nyingine, unafika 745 na umevuka mstari, hata kabla ya kuhesabu kinachopotea ndani ya inveta. Mwenye televisheni amejibiwa, mwenye pasi amejibiwa, na wa friji anajua afanye hesabu gani. Dakika tatu za video, watu 24.

Kwa hiyo kipimo ninachokitumia ni hiki: maswali mawili ni swali moja ikiwa jibu moja, likisemwa mara moja, linawaacha waulizaji wote wawili wameridhika. Maneno yao yakifanana au yasifanane, hilo halinihusu.

Kwenye ile safu ya nne, sasa, andika jina fupi la fungu: `mzigo` kwa vifaa vya kuwashwa, `betri`, `bei-mkono`, `bei-mtambo`, `mahali`. Andika kwa namna moja kila mara. Ukiandika `betri` hapa na `Betri usiku` pale, kompyuta itayahesabu mbalimbali. Kompyuta nyingi hapa kwetu zina Excel ya Kifaransa, basi nitawapa maneno yake. Katika safu ya E, mstari wa pili, weka hii kisha uiburute chini:

```
=SI(NB.SI.ENS(B$2:B2;B2;D$2:D2;D2)=1;1;0)
```

Inaweka 1 pale mtu anapouliza jambo hilo kwa mara ya kwanza, na 0 anaporudia. Halafu pembeni, kwa kila fungu:

```
=SOMME.SI(D:D;"mzigo";E:E)
```

Hiyo inakupa idadi ya watu. Ukiwa na Excel ya Kiingereza, majina ni `IF`, `COUNTIFS` na `SUMIF`, na mara nyingi badala ya `;` unaweka `,`.

Kabla ya kuamini matokeo, mpe mtu mwingine mistari 50 ile ile, ukiwa umeificha safu yako ya nne, umpe na orodha ya mafungu. Mwache aandike peke yake. Linganisheni. Pale mlipotofautiana, mara nyingi hakuna aliyekosa: fungu lenyewe halikuelezwa vizuri. "Betri yangu inazima usiku" wewe umeliweka kwenye `betri`, yeye ameliweka kwenye `mzigo`, akisema labda mtu huyo ana friji. Afadhali mbishane juu ya hilo sasa, meza ikiwa kati yenu. Mkiamua kwamba asiyetaja kifaa anaingia `betri`, andikeni hivyo na mrudi kwenye mistari yote.

Haya, orodha mpya ya fundi wetu. Juu kabisa ni mahali na simu, 31. Halafu mzigo, 24. Bei ya mtambo, 19. Betri kuisha usiku, 17. Bei ya mkono, 14. Bei ya paneli, 9. Mvua, 8. Fyuzi, 3. Na wale 4 tusiowaelewa tunawajibu mmoja mmoja tukiwauliza wanataka bei ya nini. Msigombane juu ya 9 na 8, maana mtu mmoja tu akiuliza kesho zitakuwa sawa. Pengo kati ya 24 na 8 ndilo linalosema kitu.

Je, orodha hiyo ndiyo video? Bado. Namba ya kwanza, mahali na simu, haihitaji video hata kidogo. Inahitaji mstari mmoja kwenye maelezo chini ya video, na oni moja lililobandikwa juu. Bei nazo: video inakaa miaka, bei ya paneli haikai. Ukiisema kwa kamera leo, mwakani mtu atakuja na simu mkononi akikuonyesha ulivyosema. Bei ziweke katika maandishi unayoweza kuyabadilisha, na kwenye video eleza tu kinachofanya mtambo mmoja uwe ghali kuliko mwingine. Kwa hiyo swali la kwanza la video ni mzigo, lile ambalo mwenye kupanga kwa maneno angelivunja vipande vitatu na kulizika.

Angalieni sasa safu ya kwanza, ya video. Wale 24 wa mzigo wamegawanyika: 11 chini ya video ya paneli, 6 chini ya ile ya betri, 7 chini ya inveta. Wale 17 wa betri, 15 wako chini ya video moja tu, ile ya betri. Mzigo ni swali la chaneli nzima. Betri ni swali la video ile, na pengine video ile ina upungufu. Nenda ukaitazame. Katika mfano wetu fundi anaitazama na kukuta jibu limo, ila liko dakika ya 14.

Hilo mtalikuta mara nyingi, na sababu yake tunaijua: mtazamaji wetu ananunua mega. Hatakaa dakika 14 zinakula mega zake ili asikie kama jibu lipo; atatazama tatu za mwanzo, ataandika swali, atazima. Kwa hiyo karibu na kila fungu andika kama jibu lake lilishasemwa, na dakika ya ngapi. Swali linaloulizwa sana na halijajibiwa linaingia video mpya. Swali linaloulizwa sana ingawa limeshajibiwa, jibu lake limefichika, na tiba yake ya kwanza ni kuweka alama za muda kwenye maelezo ya video ya zamani. YouTube inataka alama ya kwanza iwe `00:00`, ziwe angalau tatu, na kila sehemu isipungue sekunde 10. Na jina la sehemu liandike kwa maneno ya waulizaji. "Kwa nini betri inazima usiku" watalibonyeza. "Utunzaji wa hifadhi ya nishati" hatalibonyeza mtu.

Sasa niseme juu ya maswali ambayo hesabu haiyaoni, kwa sababu yapo, na mwenye kuamini orodha kupita kiasi atayakosa.

La kwanza ni lile lililonyamazishwa na jibu zuri. Ukijibu hadharani mapema, oni lako likapanda juu, wanaokuja baada yake wanasoma na hawaulizi tena. Swali linabaki na watu 4 kwenye jedwali, ingawa huenda mamia walikuwa nalo. Ile safu ya mwezi itakuonyesha: maswali yamejaa mwezi wa kwanza, kisha yamekatika tangu ulipobandika jibu. Fungu la namna hiyo lipe nafasi ya juu kuliko namba yake. Tazama pia watu wangapi wamebonyeza kupenda swali lenyewe, lakini namba hiyo usiijumlishe na ya waulizaji; oni lililo juu linapendwa zaidi kwa sababu tu liko juu.

La pili ni la majira. Fundi akikusanya maoni ya Juni hadi Agosti, hapa Lubumbashi hakuna wingu. Nani atauliza kama paneli inachaji wakati wa mvua? Wale 8 wa mvua wakiwa wote wameandika kati ya Novemba na Machi, na nusu ya maoni yake ni ya kiangazi, basi 8 hao ni wengi kuliko wanavyoonekana. Na video ikitoka Oktoba, mimi swali la mvua ningeliweka la pili.

La tatu ni fyuzi. Watu watatu tu. Lakini betri isiyo na fyuzi, nyaya zikigusana, inamwaga mkondo mkubwa mara moja, waya unakuwa mwekundu na nyumba inaweza kushika moto. Wengi hawaulizi kwa sababu hawajui kwamba kuna kitu cha kuuliza. Mimi nisingelipa sehemu yake yenyewe, maana hakuna atakayelibonyeza. Ningelitia ndani ya jibu la betri, pale wote wanapotazama: fyuzi inakaa kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Hesabu inakuambia watu wanauliza nini; lipi ni la hatari, fundi anajua mwenyewe.

Kwa hiyo mpango wa fundi wetu umekuwa mzigo kwanza, mvua, halafu betri na fyuzi ndani yake, na mwisho kinachofanya mtambo uwe ghali. Sehemu nne, labda dakika 12. Mahali, simu na bei zimekwenda kwenye maandishi. Maswali yanayobaki chini ya watu watano atayajibu kwa kuandika.

Video ikishatoka, fungueni jedwali jipya kwa maoni yake na ya zile tatu za zamani, kuanzia siku ile tu, kwa mafungu yale yale. Mkiona mzigo bado unaulizwa, someni maneno yenyewe. Kama wanauliza kwa mara ya kwanza, hawajaiona video. Iwekeni kwenye oni lililobandikwa juu ya zile za zamani. Kama wanaandika "nimefanya hesabu nimepata 900, sasa?", hilo ni swali jipya, na linastahili fungu lake.

Aksanti. Wenye simu zenye chaji wazitoe. Tutachukua maoni 50 ya chaneli moja ya hapa ndani, kila mtu aandike mafungu yake bila kutazama kwa jirani, halafu tubishane.